Hisa zinauzwa Nairobi, ardhi iko Mukono: kodi ya faida inamwangukia nani?

Mhasibu_wa_Seeta

Ndugu zangu, nawasalimu. Ninatunza vitabu vya kampuni ndogo iliyosajiliwa hapa Uganda. Mali yake kubwa ni moja tu, nayo ni lizi ya kiwanja kilichoko Mukono, karibu na barabara kuu ya Jinja, ambacho tunakitumia kuegeshea malori. Lizi hiyo ilinunuliwa mwaka 2011 kwa shilingi milioni 600, na leo madalali wanasema haiwezi kuuzwa chini ya bilioni 3. Zaidi ya hapo tuna fedha taslimu na madai kwa wateja, jumla milioni 200, na mkopo wa benki wa milioni 800.

Asilimia 80 ya hisa zetu inashikiliwa na kampuni mama iliyoko Nairobi, ambayo yenyewe ina biashara yake kubwa ya usafirishaji huko Kenya. Asilimia 20 iliyobaki ni ya mzee mmoja wa hapa Mukono, ambaye tulianza naye tangu siku ya kwanza. Sasa wenye hisa wa kampuni mama wanataka kuuza asilimia 70 ya hisa za kampuni hiyo ya Nairobi kwa mwekezaji mwingine wa Kenya. Hisa za kampuni yetu ya Uganda hazihamishwi hata moja, na daftari letu la wanahisa halibadiliki.

Wakili wao ameniandikia kwamba Uganda haiingii katika jambo hili kwa sababu muuzaji, mnunuzi, mkataba na fedha vyote viko Kenya. Ninataka kujua kama kauli hiyo ni salama, kwa sababu atakayejaza ritani ya kampuni hapa Mukono ni mimi.

MlipaKodi_Halali

Ndugu mhasibu, huyo wakili hajasikia habari za Zain. Mwaka 2010 Zain iliuza biashara yake ya simu ya nchi nyingi za Afrika kwa Bharti Airtel kwa dola bilioni 10.7. Muuzaji alikuwa kampuni ya Uholanzi, na kilichouzwa kilikuwa hisa za kampuni nyingine ya Uholanzi, lakini mamlaka ya mapato ya Uganda, URA, iliwatoza kodi kwa ajili ya kipande cha Uganda. Mahakama ya Rufani ilikubali mwaka 2014. Sheria inasema kwamba umiliki wa kampuni ya Uganda ukibadilika kwa asilimia 50 au zaidi, hata kwa mlango wa nyuma, faida ya muuzaji inahesabiwa kuwa imetoka Uganda. Kwa hiyo wauzaji wa Nairobi watalipa asilimia 30 ya faida yao hapa, na wewe huna la kuhofu, kwa maana kodi ni ya muuzaji.

Kalamu_ya_Nakasero

Naomba nimrekebishe ndugu MlipaKodi kwa heshima, kwa kuwa amechanganya kanuni mbili, na mchanganyiko huo ndio utakaomuumiza mhasibu wetu.

Kesi ya Zain haikutegemea kanuni ya asilimia 50. Kanuni hiyo iliingizwa katika Sheria ya Kodi ya Mapato mwaka 2018, wakati hukumu ya rufani ilikuwa imekwisha kutolewa miaka minne kabla. Zain ilibanwa na aya ya zamani zaidi, aya ya (g) ya kifungu tulichozoea kukiita cha 79, ambayo inazungumzia ardhi. Aya hiyo inahesabu kuwa ni mapato ya Uganda si tu yale yanayotokana na kuuza ardhi iliyoko Uganda, bali pia yale yanayotokana na kuuza hisa za kampuni ambayo mali yake, moja kwa moja au kwa kupitia kampuni nyingine, kwa sehemu kubwa ni haki katika ardhi hiyo, mradi hisa hizo ni mali ya biashara ya anayeziuza. Mahakama Kuu ilikuwa imeona kwamba URA haina mamlaka juu ya muuzaji wa Uholanzi, na Mahakama ya Rufani ikaitengua ikasema mamlaka inayo. Ninawatahadharisha pia kwamba toleo jipya la sheria zetu, lililoanza kutumika Julai 2024, limebadilisha namba za vifungu, kwa hiyo ukifungua nakala mpya usishangae kukuta 79 inazungumzia jambo jingine.

Katika kanuni ya ardhi anayetozwa ni aliyeuza hisa. Kanuni ya mwaka 2018 inakwenda mbali zaidi: umiliki wa kampuni ya Uganda ukibadilika kwa asilimia 50 au zaidi, moja kwa moja au kwa kupitia wengine, kampuni yenyewe inachukuliwa kana kwamba imeuza mali zake zote kwa bei ya soko muda mfupi kabla ya mabadiliko, kisha ikazinunua tena kwa bei hiyo hiyo. Hakuna aliyepokea senti, lakini faida inahesabiwa, na mlipaji ni kampuni. Kwa hiyo, ndugu mhasibu, mlipaji huyo anaweza kuwa ni ninyi.

Mhasibu_wa_Seeta

Mwalimu, umenitia baridi. Unataka kusema kwamba kampuni yangu, ambayo haikuuza chochote wala haikuhamisha hisa, italipa kodi kwa sababu ya mkataba ambao hata nakala yake sijaiona?

Kalamu_ya_Nakasero

Ndiyo, ikiwa asilimia itafika. Tuzichukue kanuni zote mbili tuzipitishe juu ya takwimu zako.

Anza na kanuni ya ardhi. Kinachouzwa ni hisa za kampuni ya Nairobi, kwa hiyo swali ni kama mali ya kampuni hiyo, ukitazama hadi ndani ya kampuni zake tanzu, ni ardhi ya Uganda kwa sehemu kubwa. Thamani halisi ya kampuni yenu ni bilioni 3 za ardhi na milioni 200 nyingine, ukiondoa mkopo wa milioni 800, yaani bilioni 2.4, na asilimia 80 yake ni bilioni 1.92. Tuambie biashara ya usafirishaji ya Kenya ina thamani gani.

Mhasibu_wa_Seeta

Kwa ripoti niliyoonyeshwa, malori, karakana na mikataba yao vinafika kama bilioni 5 kwa shilingi za Uganda.

Kalamu_ya_Nakasero

Basi sehemu ya Uganda ni bilioni 1.92 katika jumla ya bilioni 6.92, yaani chini kidogo ya asilimia 28. Sheria yetu haitaji asilimia inapotumia neno lenye maana ya "kwa sehemu kubwa". Katika mikataba mingi ya kimataifa ya kodi kipimo ni zaidi ya nusu ya thamani, na mimi sioni namna ambayo asilimia 28 inaweza kuitwa sehemu kubwa. Kwa upande huu wauzaji wa Nairobi wako salama, na wakili wao amefika mahali sahihi ingawa kwa njia mbovu, kwa sababu alitakiwa kutazama mali iliyomo ndani ya hisa, wala si mahali mkataba ulipotiwa saini.

Sasa njoo kwenye kanuni ya pili. Hapa hakuna anayeuliza kama ardhi ni nyingi au chache. Mnunuzi anachukua asilimia 70 ya kampuni mama, nayo ina asilimia 80 yenu. Sabini kwa themanini ni asilimia 56 ya umiliki wa mwisho wa kampuni ya Uganda. Mpaka umevukwa. Kampuni yenu inahesabiwa kuwa imeuza lizi kwa bilioni 3, gharama yake ni milioni 600, faida ni bilioni 2.4, na asilimia 30 yake ni milioni 720.

Na katika akaunti yenu, kwa maelezo yako mwenyewe, fedha na madai kwa pamoja ni milioni 200.

Mama_Kiwanja

Samahanini wanangu, nimesoma kwa haraka lakini jambo hili linanigusa. Mimi na kaka zangu wawili tuna kampuni tuliyoachiwa na marehemu baba, na kampuni hiyo ina ploti moja mjini Busia na hakuna kingine. Kila mmoja ana theluthi. Ninataka kumuuzia kaka yangu mkubwa theluthi yangu ili nimalize mambo yangu. Je, na mimi kampuni yetu itatozwa kama ya Mukono? Na lizi ya mume wangu iliyoko Tororo itaingia humo?

Kalamu_ya_Nakasero

Mama, shikamoo. Lizi ya mume wako haihusiki, kwa kuwa ni ya jina lake mwenyewe wala haimo ndani ya kampuni. Kuhusu kampuni ya Busia, unauza theluthi, na umiliki unaobadilika haufiki nusu, kwa hiyo kampuni haitahesabiwa kuwa imeuza ploti.

Linalobaki ni faida yako wewe kama mwanahisa. Ukiwa mtu binafsi ambaye hafanyi biashara ya hisa, mtu angesema hisa zako si mali ya biashara na faida yake imesamehewa. Lakini msamaha wa faida zisizo za biashara umewekewa mpaka, na hisa za kampuni binafsi zimetolewa nje ya msamaha huo. Ndiyo maana URA huwatoza watu kama wewe.

Wakili_Mstaafu

Kwa idhini yako, ndugu Kalamu, hapo umepita mbio mno. Kutolewa nje ya msamaha si sawa na kutozwa. Kifungu cha msamaha kinasema tu kwamba hisa za kampuni binafsi hazifaidiki na msamaha. Bado unahitaji kifungu kingine kinachoiingiza faida hiyo katika mapato, na kifungu cha faida za mali kinazungumzia mali ya biashara. Nimewahi kuijenga hoja hii kwa maandishi. Aya yenyewe ya (g) inamalizia kwa sharti kwamba hisa iwe mali ya biashara. Hisa zinazoshikiliwa na kampuni hazina mjadala, kwa kuwa tafsiri ya mali ya biashara inachukua mali yoyote ya kampuni. Hisa za mama huyu wa Busia ni jambo jingine.

Kalamu_ya_Nakasero

Hoja yako ninaiheshimu, bwana wakili, na ningependa kuiona ikiamuliwa mahakamani. Lakini sitamshauri mama auze akiitegemea bila kutenga fedha pembeni, kwa sababu afisa anayekagua hasomi kifungu kama wewe unavyokisoma.

Wakili_Mstaafu

Hapo hatupingani. Atenge fedha, lakini asilipe kabla hajaambiwa kwa kifungu gani.

Mama_Kiwanja

Nimeelewa nusu, lakini ile ya kutenga nimeielewa yote. Ahsanteni.

MlipaKodi_Halali

Ninakubali kwamba nilichanganya miaka ya Zain. Hata hivyo ninaona hesabu ya milioni 720 imekuzwa. Kwanza, mkopo wa milioni 800 umeegemea ardhi hiyo hiyo, kwa hiyo thamani ya ardhi kwa kampuni ni bilioni 2.2, na faida ni bilioni 1.6 tu. Pili, kama tatizo ni asilimia 56, wauzaji waseme wanauza asilimia 60 badala ya 70. Sitini kwa themanini ni 48, na jambo limekwisha.

Kalamu_ya_Nakasero

La kwanza ni kosa ambalo ninaliona mara nyingi. Mkopo unapunguza thamani ya hisa, lakini haupunguzi bei ya ardhi. Ukiuza nyumba yenye rehani, benki inachukua chake kutoka kwenye fedha ulizolipwa, na faida yako inabaki kuwa bei ya kuuza ukitoa gharama yako. Kanuni inasema kampuni imeachana na mali zake kwa bei ya soko. Mkopo unahesabiwa kwa thamani yake ileile, haufanyi faida wala hasara. Faida inabaki bilioni 2.4.

Kinachoweza kuipunguza kwa haki ni marekebisho ya mfumuko wa bei. Mali iliyokaa zaidi ya miezi 12 gharama yake huzidishwa kwa uwiano wa fahirisi ya bei za walaji ya wakati wa kuuza na ile ya wakati wa kununua. Kwa mfano tu, tuseme fahirisi ilikuwa 100 wakati ule na leo ni 170. Gharama ya milioni 600 inakuwa bilioni 1.02, faida inashuka hadi bilioni 1.98, na kodi inakuwa milioni 594 badala ya 720. Ndugu mhasibu atafute fahirisi za kweli za miezi yake asitumie hizi zangu, na ategemee kuulizwa kama marekebisho haya yanafaa pia pale ambapo mauzo ni ya kudhaniwa tu. Mimi ninasema yanafaa, kwa sababu sheria ikikulazimisha ujione umeuza, basi ikupe na haki za aliyeuza.

Kuhusu asilimia 48, kwa hesabu uko sahihi, na mpango wa kweli unaoishia hapo hauna kosa lolote. Lakini ikiwa mnunuzi na muuzaji wamekwisha kukubaliana kwenye karatasi kwamba asilimia 10 nyingine itafuata, Kamishna ana kifungu kinachomruhusu kuutazama mpango wote kama kitu kimoja akiona ulitengenezwa ili kukwepa kodi. Barua pepe zenu ndizo zitakazokuwa ushahidi.

Mthamini_wa_Jinja

Mimi si mtu wa kodi, ninathamini ardhi, kwa hiyo nitasema nilichonacho. Hiyo bilioni 3 mnayoizungusha imetoka kwa dalali, na ninahofia dalali alikuwa anafikiria ardhi ya mailo au milki huru, ambayo umiliki wake hauna mwisho. Kampuni ambayo wageni wana hisa nyingi hairuhusiwi kumiliki mailo wala milki huru hapa kwetu, inaruhusiwa lizi tu, na hiyo yenu lazima iwe hivyo. Ndugu mhasibu, ni lizi ya miaka mingapi, na masharti yake ni yapi?

Mhasibu_wa_Seeta

Ni miaka 49 kuanzia mwaka 2011. Pango la ardhi la kila mwaka ni dogo, lakini kuna sharti kwamba matumizi yasibadilishwe bila ridhaa ya mwenye ardhi.

Mthamini_wa_Jinja

Basi imebaki miaka thelathini na kitu, tena kwa matumizi ya kuegesha magari. Mnunuzi mwenye akili hatailipia kama anavyolipia ardhi ya jirani yake mwenye hati ya mailo, kwa kuwa mwisho wa lizi kiwanja kinarudi kwa mwenyewe. Bei ya soko ambayo sheria inaizungumzia ni bei ya haki mliyonayo, wala si ya udongo wenyewe. Nimeona viwanja ambavyo tofauti hiyo inafika theluthi. Kwa ninyi sitataja namba bila kukanyaga pale. Nendeni mkafanyiwe uthamini sasa, kwa tarehe iliyo karibu kabisa na siku ya kuhamisha hisa, na ripoti iseme wazi kwamba imethamini lizi yenye miaka kadhaa iliyobaki na sharti la matumizi. Mkingoja hadi mkaguzi wa kodi aje baada ya miaka miwili, mtabishana juu ya bei ya leo kwa kutumia macho ya kesho.

Na pembeni kidogo: ploti za barabara ile zimepanda bei kuliko nilivyowahi kuandika katika ripoti yoyote, kwa hiyo msitegemee kwamba uthamini utawashushia mno.

Kalamu_ya_Nakasero

Mthamini amesema jambo ambalo mimi nililipita. Kila milioni 100 inayoshuka kwenye thamani ya lizi inaondoa milioni 30 kwenye kodi, kwa hiyo gharama ya ripoti hiyo ni ndogo.

Mwanahisa_Mdogo

Ninaomba kusema kwa niaba ya huyo mzee wa Mukono, kwa maana mimi nimekaa kwenye kiti chake. Nilikuwa na robo ya kampuni yenye shamba, na wenzangu wenye robo tatu waliuza kampuni yao ya nje. Mimi niliambiwa baadaye, kwa simu. Kampuni yetu ilipoandikiwa makadirio ya kodi, kila shilingi ilitoka kwenye mfuko ambao robo yake ilikuwa yangu. Wao walikuwa wameshapokea bei yao, na mnunuzi alisema hayo ni mambo ya kampuni. Gawio langu la miaka mitatu lilikwenda huko.

Kwenye hesabu yenu ya milioni 720, sehemu ya mzee ni asilimia 20, yaani milioni 144, na hajauza hata hisa moja. Nani amemwambia?

Mhasibu_wa_Seeta

Hakuna aliyemwambia. Ninakiri kwamba mimi mwenyewe sikuwa nimeliona hadi umeliandika.

Wakili_Mstaafu

Hili ndilo jambo ambalo mkataba wa Nairobi unaweza kulitengeneza, na likiachwa halitengenezeki tena. Kodi inaikalia kampuni kisheria, lakini wauzaji na mnunuzi wanaweza kukubaliana nani ataibeba kwa fedha. Njia ya kawaida ni wauzaji kuahidi kwamba wataifidia kampuni ya Uganda kodi yoyote inayotokana na mauzo haya, na sehemu ya bei ikawekwa kwa mtu wa tatu hadi makadirio yatoke. Sisitizeni kwamba fidia ielekezwe kwa kampuni ya Mukono, isielekezwe kwa mnunuzi. Ikilipwa kwa mnunuzi, yeye atakuwa amefidiwa na mzee atakuwa amebaki na pengo lake.

Kalamu_ya_Nakasero

Ninaongeza upande wa pili ili tusiwaonee wauzaji. Kampuni ikishalipa kodi hiyo, gharama ya lizi kwa madhumuni ya kodi inapanda kutoka milioni 600 hadi bilioni 3, kwa kuwa inahesabiwa kuwa imeinunua upya. Ikiuzwa kweli baadaye kwa bilioni 3.1, faida itakayotozwa ni milioni 100 tu. Kwa hiyo mnunuzi anarithi kampuni ambayo kodi yake ya baadaye imeshalipwa, na wauzaji watasema kwa haki kwamba naye achangie. Mzee wa Mukono pia anafaidika na hilo, ila faida yake ni ya siku ambayo ardhi itauzwa, na pengine siku hiyo haitafika katika maisha yake.

Kwa wanaosoma uzi huu wakiwa na hali rahisi zaidi: kama kampuni mama ingeuza moja kwa moja asilimia 80 ya kampuni ya Mukono, kanuni zote mbili zingeingia kwa pamoja. Kampuni mama ingetozwa kwa faida ya hisa, kwa sababu ndani ya kampuni ya Mukono ardhi ni bilioni 3 katika mali ya bilioni 3.2, na kampuni ya Mukono nayo ingetozwa zile milioni 720. Mnunuzi angejua hivyo akapunguza bei: thamani halisi ya bilioni 2.4 inakuwa bilioni 1.68, na asilimia 80 yake ni bilioni 1.344. Ikiwa hisa zilimgharimu muuzaji milioni 480, faida yake ni milioni 864 na kodi ni kama milioni 259. Ongezeko lile lile la bei ya ardhi limetozwa mara mbili, mara moja ndani ya kampuni na mara nyingine kwenye hisa. Mnunuzi akiwa mkaazi wa Uganda na muuzaji si mkaazi, mnunuzi anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya malipo yote, si ya faida, na asipozuia deni linakuwa lake.

MlipaKodi_Halali

Na je, kama wasiposema kitu? Daftari la wanahisa la Uganda halibadiliki, kama alivyoeleza mwenyewe. URA itajuaje?

Kalamu_ya_Nakasero

Kwa Msajili wa kampuni, URSB, sasa kuna taarifa za wamiliki wa mwisho, yaani watu wa damu na nyama walioko nyuma ya kampuni, na mabadiliko yake yanatakiwa kupelekwa. Zaidi ya hapo, mahesabu yaliyokaguliwa hutaja kampuni mama na mmiliki wa juu kabisa. Mkaguzi wa kodi akiweka mahesabu ya miaka miwili kando kwa kando, jina limebadilika. Hahitaji mpelelezi.

Ndugu mhasibu, makadirio yakija na mkiona yamezidi, mna siku 45 za kuweka pingamizi kwa Kamishna. Msipokubaliana na uamuzi wake na mkaenda kwenye Baraza la Rufani za Kodi, mtatakiwa kwanza kuweka asilimia 30 ya kodi iliyokadiriwa. Kwa milioni 720 hiyo ni milioni 216, nayo inazidi fedha na madai yenu yote. Ndiyo maana ninasema fidia na ile sehemu ya bei ya kuwekwa kwa mtu wa tatu viandikwe kabla ya saini.

Mhasibu_wa_Seeta

Nimezungumza na Nairobi leo mchana. Wakili wao ameomba apewe hesabu ya 70 kwa 80 kwa maandishi, na amekubali kusimamisha rasimu kwa majuma mawili. Kesho ninakwenda nyumbani kwa mzee nikiwa na karatasi ya milioni 144, kwa sababu sitaki asikie kwa simu kama ndugu yetu Mwanahisa. Mthamini atakuja Jumanne.

Kuna jambo moja wamelitupa mezani ambalo sijui nilijibuje. Mnunuzi anasema anaweza kuchukua asilimia 60 sasa na kupewa haki ya hiari, si lazima, ya kununua asilimia 10 baada ya miezi 18 kama biashara itakwenda vizuri. Je, haki ya hiari ambayo haijatumika inahesabiwa kuwa umiliki?

Wakili_Mstaafu

Haki ya kununua si hisa. Hana kura, hana gawio. Leo umiliki wa mwisho uliobadilika ni asilimia 48.

Kalamu_ya_Nakasero

Ninakubali kama bei ya hiyo haki itakuwa bei ya soko ya siku hiyo, na kama kweli anaweza kuiacha. Ikiwa bei imeshafungwa leo kwa kiasi ambacho hakuna mtu angekiacha, nitamwelewa Kamishna akisema mauzo ya asilimia 70 yalifanyika siku ya kwanza. Nitumie kifungu hicho cha rasimu kama kilivyoandikwa, na bei yake.

Mhasibu_wa_Seeta

Bei imeachwa wazi kwa mistari ya nukta. Nitawauliza nani ataijaza na lini.